SOMO: Asali imeganda au imezeeka, bado inalika?

Asali kuganda si kuharibika, wala si ushahidi kwamba imechanganywa na sukari. Kinachoganda ni glukosi, sukari iliyomo kiasili. Joto la nyuzi 14 hivi ndilo huigandisha upesi zaidi, kwa hiyo asali ileile ikiwekwa Njombe huganda mapema kuliko ikiwekwa Dar.

Adui wa asali ni maji. Yakiwa chini ya asilimia 18, hamira za asili zilizomo hulala. Yakipita 20, huamka na asali huchachuka. Sasa, glukosi inapoganda huyaachia maji iliyokuwa imeyashika, na sehemu inayobaki majimaji huwa nyepesi kuliko asali ilivyokuwa mwanzo. Ndiyo maana asali iliyotulia miaka miwili inaweza kuchachuka baada ya kuganda.

Tuchukue chupa ya nusu lita iliyokaa kabatini: chini chenga nyeupe, juu majimaji ya vidole viwili.

Hatua ya 1. Fungua kifuniko taratibu. Gesi ikitoka kwa nguvu, au ukiona vipovu vinavyoendelea kupanda, imechachuka. Utando mweupe mkavu usiosogea ni hewa tu.

Hatua ya 2. Nusa, kisha onja tone la yale majimaji ya juu, maana uchachu huanzia hapo. Harufu ya pombe au ukali wa siki ukikosekana, asali ni nzima.

Hatua ya 3. Ihamishie kwenye chupa ya kioo. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, simamisha chupa, mimina maji ya nyuzi 40 hadi 45, yaani moto ambao mkono unavumilia. Zima jiko. Yakipoa badilisha, na ukoroge mpaka chenga ziishe na majimaji ya juu yachanganyike na ya chini. Huchukua saa kadhaa. Usiichemshe, utapoteza harufu yake na vimeng'enya.

MASWALI

Mkuu, yangu ni ya zamani sana, imekuwa nyeusi. Nimwage?
Usimwage kwa sababu ya rangi. Sukari zake hubadilika polepole, hasa penye joto, ndipo huwa nyeusi na ladha hufifia. Ikipita hatua ya 1 na ya 2, itumie kwenye mapishi.

Iliyochachuka nikiichemsha itapona?
Hamira zitakufa, lakini ukali utabaki. Haiwi tena asali ya kuuza.

Ya nyuki wadogo mbona huchachuka haraka hivyo?
Kwa asili ina maji mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 25. Iweke kwenye friji tangu siku unayoipata.

Iliyoganda nikishaiyeyusha, naweza kumpa mtoto wa miezi minane?
Hapana, dada. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote, mpya wala ya zamani. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na joto hilo la kuyeyushia haliziui.