Somo: Kupasha mwili kwa mwenye pumu, na dalili za kukatisha mazoezi

Somo hili ni la wenye pumu wanaocheza mpira au kukimbia jioni hapa Tanga, na la makocha wanaowaweka benchi kwa sababu hawajui wafanye nao nini. Nitashughulika na nusu saa kabla ya mazoezi na robo saa baada yake, kwa kuwa hapo ndipo mambo huharibika.

Tuanze na kinachotokea kifuani. Mtu akikimbia huhema kwa mdomo, kwa hiyo hewa nyingi huingia bila kupitia puani ambako hupata joto na unyevu. Hewa hiyo hunyonya maji kwenye njia za hewa, njia zinakauka, na kwa mwenye pumu mkauko huo huamsha kemikali zinazoifanya misuli iliyozizunguka njia hizo ikaze. Kinachowachanganya watu ni wakati. Mara nyingi mbano haufiki kilele mtu akiwa mbioni, hufika dakika tano hadi kumi na tano baada ya kusimama, kisha hulegea taratibu ndani ya nusu saa mpaka saa moja na nusu. Ndiyo maana mchezaji anamaliza kipindi vizuri, anakaa chini kunywa maji, halafu anaanza kukohoa na wenzake wanamwambia hana pumzi.

Sasa kuna bahati moja ndani ya maumbile hayo. Takriban nusu ya watu wenye tatizo hili, wakishatikisa njia zao za hewa kidogo, mwili huwapa nafuu: kwa saa moja hadi tatu hivi, mazoezi mengine hayawabani kama ya mwanzo. Kupasha mwili kwa mwenye pumu ni kuitafuta nafuu hiyo kwa makusudi. Kunyoosha viungo na kuzunguka uwanja mara mbili polepole hakutoshi kuileta. Zinahitajika mbio fupi zenye mapumziko.

Kabla ya yote: leo unacheza au huchezi?

Usianze kama jana usiku kikohozi kilikuamsha, kama una mafua yaliyoshuka kifuani, au kama leo umeshahitaji pampu kwa sababu ya kubanwa. Angalia na hewa ya uwanjani. Tanga tuna upepo wa bahari wenye unyevu na huo ni rafiki yetu, lakini asubuhi mapema mitaa mingi inachoma takataka, na moshi huo kupasha mwili hakuuzuii. Hamia upande mwingine au ngoja jioni.

Hatua kwa saa

Tumchukue kijana wa miaka 19, winga, mechi yake Chumbageni inaanza saa kumi na nusu jioni. Daktari amempa pampu ya bluu (salbutamoli) ya kutumia kabla ya mazoezi. Hivi ndivyo anavyoipanga nusu saa yake.

Saa kumi kamili anatikisa pampu, anatoa pumzi yote, anapuliza mara moja huku akivuta taratibu na kwa kina, anabana pumzi mpaka hesabu ya kumi, kisha anarudia mara ya pili. Dawa inahitaji kama dakika kumi hadi kumi na tano kabla hujaanza kujituma. Kuipuliza refa akiwa ameshashika filimbi ni kuchelewa.

Saa kumi na dakika tano anaanza kutembea haraka, kisha jogingi ya pole mpaka kumi na dakika kumi na mbili. Kipimo chake ni maneno: aweze kuongea sentensi nzima bila kukatika.

Kuanzia hapo anakimbia mbio fupi sita. Kila moja ni sekunde 30, kisha anatembea dakika moja na nusu kabla ya nyingine. Ya kwanza na ya pili anakwenda kama nusu ya nguvu zake, ya tatu na ya nne anaongeza, mbili za mwisho anakaribia kasi ya mechi. Hapa ndipo wengi huharibu: wanapunguza mapumziko wapate kumaliza haraka. Mbio ngumu zisizokatika za dakika sita hadi nane ndizo hasa zinazoamsha mbano, kwa hiyo ukizibananisha mbio zako unajitengenezea ugonjwa uliokuwa unaukimbia. Asiyezoea aanze na mbio nne tu.

Saa kumi na dakika ishirini na nne amemaliza. Dakika sita zilizobaki hakai chini. Anatembea taratibu na kujisikiliza. Kifua kikiwa chepesi, anaingia. Kikibana sasa hivi, kocha ameshapata jibu lake kabla ya mechi, na hilo ni bora kuliko kulipata dakika ya ishirini uwanjani.

Akiwa mchezaji wa akiba ambaye ataingizwa baadaye, asikae tu kwa sababu alipasha mwanzoni. Akifanya mbio fupi mbili tatu pembeni ya uwanja kabla ya kuingia, anaingia akiwa tayari. Na akitoka, atembee dakika tano hadi kumi badala ya kujitupa chini. Kocha amtazame kwa robo saa nzima. Mimi huwa sikubali mwenye pumu aondoke na bodaboda dakika mbili baada ya filimbi ya mwisho.

Dalili za kukatisha

Kuhema kwa kawaida hupungua ukisimama. Baada ya dakika mbili tatu unaweza kuongea, na kila dakika unajisikia nafuu kuliko iliyopita. Mbano wa pumu huenda kinyume: umesimama, lakini unazidi. Kwa hiyo mtu akikohoa mfululizo, kifua kikilia kama filimbi, akisema amefungwa mkanda kifuani, au pumzi isipotulia baada ya kusimama, kipindi kimekwisha. Asishawishiwe "amalizie raundi moja".

Mketishe wima, akiinama kidogo mbele ikimpendeza, asilale. Apulize pampu ya bluu mara nne kupitia chupa ya kuvutia, yaani chupa inayokaa kati ya pampu na mdomo, mpulizo mmoja mmoja, na baada ya kila mpulizo avute pumzi nne ndani ya chupa. Subirini dakika nne. Kama hajapata nafuu, rudieni minne mingine. Bado? Mpelekeni hospitali, na njiani aendelee kupewa. Akipata nafuu kamili, mimi simrudishi uwanjani siku hiyo, hata akibembeleza. Najua makocha wasiokubaliana nami.

Kuna dalili ambazo hazingoji dakika nne zipite, mnaanza safari mara moja huku mkimpa pampu. Hawezi kumaliza sentensi fupi. Ngozi inaingia ndani kati ya mbavu au juu ya koo kila anapovuta. Midomo au kucha zimekuwa za kijivu. Kwa weusi wetu tazameni ndani ya mdomo na ulimi, ngozi ya uso inaweza kuwadanganya. Analegea au anaongea ovyo. Ya hatari kuliko zote ni ile inayofurahisha wasiojua: filimbi ya kifua imenyamaza lakini bado anahangaika. Maana yake hewa haipiti ya kutosha hata kutoa mlio. Chukueni gari au bajaji mwende Bombo au hospitali iliyo karibu. Bodaboda haifai, maana anatakiwa akae wima na mtu amshikie pampu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Chupa ya kuvutia naipata wapi? Duka la dawa la mtaani hawana.*

Marahaba. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inafaa. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako cha chupa, pasha moto waya, toboa ukifuata mchoro ili pampu iingie na kubana bila kuvujisha. Puliza kwa nyuma, vuta kwa mdomo wa chupa. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu, plastiki inashika umeme na dawa inanata ukutani badala ya kukufikia.

*Kaka, mimi nimeambiwa pampu inazoesha, ukianza huachi. Bora nivumilie?*

Haizoeshi kama sigara. Lakini swali lako lina ukweli pembeni: ukipuliza ya bluu kila siku, kinga yake dhidi ya mbano wa mazoezi hupungua. Dawa ya hilo si kuvumilia. Pumu ni uvimbe wa njia za hewa na ya bluu hailengi uvimbe, inalegeza misuli tu. Kama unaihitaji kwa kubanwa zaidi ya mara mbili kwa wiki, nenda kliniki uzungumzie pampu ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au budesonidi. Hiyo inatumika kila siku hata ukiwa mzima, na ikishafanya kazi wengi mbano wa mazoezi unawapungua wenyewe.

*Mwalimu, Ramadhani tunafanyaje? Pampu inafunguza au haifunguzi?*

Masheikh wamehitilafiana, kwa hiyo muulize wako mapema, si siku ya kwanza ya mfungo. Mimi nitasema la upande wa mazoezi: hamishia usiku baada ya tarawehe, upulize na ukimbie bila wasiwasi. Na mtu akibanwa mchana, atumie pampu pale pale. Kuhusu kuilipa siku hiyo atamuuliza sheikh akishapona.

*Hapa mjini nakimbia vizuri hadi Raskazone na kurudi. Nilikwenda Lushoto mwezi wa saba, kilomita moja tu nikabanwa. Ni mlima?*

Mlima una sehemu yake, lakini mshuku baridi kwanza. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, kwa hiyo inakausha njia za hewa haraka kuliko hii yetu ya pwani. Ukiwa kule, kimbia jua likishapanda, funika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi ili uvute hewa yenye joto na unyevu wako mwenyewe, na mbio zako fupi ziwe na mapumziko marefu zaidi.

*Mwanangu wa miaka 13 akikimbia anatoa mlio mkali, lakini ni wakati wa kuvuta ndani, na anashika koo. Akisimama kidogo tu unaisha. Pampu haimsaidii kabisa.*

Dada, asante kwa kutazama vizuri hivyo. Mlio wa pumu kwa kawaida husikika zaidi mtu anapotoa pumzi, hutoka kifuani, na huendelea baada ya kusimama. Wa mwanao uko kooni, ni wa kuvuta, na unaisha upesi. Hiyo yaweza kuwa ni nyuzi za sauti zinazojifunga akihema kwa nguvu, jambo linaloonekana sana kwa wa umri huo na hufananishwa na pumu. Usimwongezee dozi. Mrekodi kwa simu mlio ukiwa unatoka, umwoneshe daktari video hiyo, kwa sababu kliniki atafika akiwa mzima kabisa.