"Delivered" bado si Kisumu: kusoma ukurasa wa oda ya Amazon na siku za kurudisha

Wengi wetu huku Kisumu tunaagiza Amazon kupitia ghala la wakala aliye Marekani, mara nyingi Delaware, kwa kuwa jimbo hilo halitozi kodi ya mauzo. Ubaya ni kwamba ukurasa wa oda haujui chochote kuhusu Kisumu. Kwao safari inaishia mlangoni pa ghala.

Hatua ya kwanza: fungua "Your Orders" utafute oda yako. Neno "Ordered" maana yake wameipokea oda, na hapo ukijuta bado unaweza kubonyeza "Cancel items". Likishageuka "Shipped", mzigo uko njiani na kitufe hicho kwa kawaida hukioni tena. "Out for delivery" ni gari linalozunguka Delaware. "Delivered" ni kwamba karani wa ghala ameupokea, na yeye halifungui boksi isipokuwa umemlipa afanye hivyo.

Hatua ya pili ndiyo wengi huiruka. Chini ya bidhaa kuna mstari unaosema "Return or replace items: Eligible through" halafu tarehe. Bidhaa nyingi zina siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu "Delivered", hata kama mzigo ungali unangoja ndege. Tarehe ikipita, mstari hugeuka "Return window closed on". Mimi huiandika tarehe hiyo kwenye kalenda ya simu siku ileile.

Niwape mfano wangu. Niliagiza lenzi ya dola 120 kwa ajili ya studio, yenye mdomo wa Canon EF, yaani sehemu inayoshika kwenye kamera. Ghala liliipokea tarehe 4 Machi, kwa hiyo mwisho ulikuwa 3 Aprili. Ilipitia Nairobi ikanifikia Kisumu tarehe 26 Machi. Nafungua, ni lenzi ya Nikon! Zimebaki siku nane, na lenzi iko upande wa pili wa dunia.

Hatua ya tatu: bonyeza "Return or replace items" uchague sababu. Chagua iliyo kweli, kwani sababu ndiyo huamua nani atagharamia kurudisha. "Wrong item was sent" ni kosa la muuzaji. "No longer needed" ni lako, na huenda ukakatwa. Kisha utapewa lebo ya kubandika kwenye boksi, lakini lebo hiyo ni ya kutuma ndani ya Marekani. Kutoka Kisumu haikufai kitu. Ukichagua kubadilishiwa, mpya itaenda ghalani tena, na ile ya kwanza usipoirudisha kwa muda uliowekwa utakatwa pesa yake.

Kwa lenzi yangu, nilisoma "Sold by" nikaona muuzaji si Amazon yenyewe. Nikamwandikia kupitia ukurasa wa oda, nikaweka picha ya boksi, picha ya mdomo wa lenzi na namba ya oda, nikaeleza kwamba kuirudisha kutagharimu karibu bei yake. Alinirudishia dola 80 na lenzi nikabaki nayo. Nikamuuzia mpiga picha wa Kakamega mwenye Nikon. Ushuru na nauli niliyomlipa wakala hazikurudi, na hakuna kitufe cha kuzidai.

Siku hizi kwa kitu cha bei namlipa wakala afungue boksi na kunipigia picha kabla ya kusafirisha. Kosa likionekana likiwa bado Delaware, lebo ile inafanya kazi.

Maswali ya wanachama

Mama Kevo, Nakuru: Kaka, yangu inasema "Delivered" tangu Jumatatu lakini wakala anaapa hajaiona. Nimeibiwa?

Jibu: Usiogope bado, mama. Bonyeza "Track package" unakili namba ya mzigo. Ikianza na 1Z ni UPS, ikianza na TBA ni madereva wa Amazon wenyewe. Mtumie wakala namba hiyo pamoja na risiti. Kisha angalia anwani uliyojaza: ile namba ya mteja uliyopewa na wakala ilikuwemo? Ikikosekana, boksi hukaa ghalani kama yatima.

Fundi, Bungoma: Nimeona nichague pesa irudi kwenye kadi au iwe "gift card balance". Ipi afadhali?

Jibu: Hiyo ya pili huingia haraka, ila utaitumia Amazon tu. Ya kadi hungoja benki. Kama huna cha kununua tena kule, subiri kadi.

Mwalimu, Siaya: Na tarehe ikipita kwa siku mbili?

Jibu: Mwandikie muuzaji hata hivyo, mwalimu, na picha zako. Wengine hukubali. Lakini hapo unaomba, hudai.