Kulitambua toroli kwa picha: tazama ekseli kabla ya beseni

Mkulima akinitumia picha ya toroli na kuuliza kama litafaa kusombea samadi, mara nyingi macho yake yako kwenye beseni: kubwa, la bati, rangi bado inang'aa. Mimi huanzia chini. Natafuta gurudumu lilipo na mahali mzigo utakapokaa, maana umbali kati ya viwili hivyo ndio unaoamua kama uzito utabebwa na ekseli au na mgongo wako.

Picha ya kufanyia kazi hii ni ile iliyopigwa kwa ubavu, mpigaji akiwa amesimama hatua nne au tano kutoka kwenye chombo. Weka rula katikati ya beseni, ishuke wima hadi ardhini. Ikiangukia nyuma ya gurudumu kwa umbali wa kuonekana, na gurudumu ni moja, hilo ni toroli la kawaida, ambalo wengine huliita wilbaro. Ikiangukia juu ya ekseli au kando yake kidogo tu, na magurudumu ni mawili, hapo una mkokoteni.

Nieleze picha moja niliyoletewa. Toroli la gurudumu moja, beseni limeinama mbele, miguu miwili nyuma. Ubavuni mwa tairi palisomeka `4.00-8`. Maandishi hayo ni zawadi, kwa sababu tairi la saizi hiyo lina kipenyo cha takriban sentimita 40, kwa hiyo linageuka kuwa rula ndani ya picha. Kwenye skrini yangu lilikuwa na milimita 20, basi kila milimita ni sentimita 2. Beseni lilitoa urefu wa sentimita 90 juu na 60 chini, yaani wastani wa 75, na kina cha 20. Upana hauonekani kwa ubavu, nikamwomba mwenyewe aupime kwa futikamba: wastani wa sentimita 60. Zidisha zote tatu, gawanya kwa 1,000, unapata lita 90 hivi.

Lakini hakikisha kwanza gurudumu linaonekana duara. Likiwa kama yai lililosimama, picha imepigwa kwa mshazari na urefu wote wa chombo umefupishwa. Hapo pima urefu wa beseni kwa kutumia upana wa hilo yai, na kina kwa kutumia kimo chake.

Katikati ya beseni lile ilikuwa sentimita 50 nyuma ya ekseli, na ncha za mikono ya toroli zilikuwa sentimita 140 kutoka ekseli hiyohiyo. Samadi yenye unyevunyevu ina uzito wa karibu kilo 0.8 kwa lita, kwa hiyo beseni lililojaa ni kilo 72. Zidisha kwa 50, gawanya kwa 140: mikononi unainua kilo 26, bila kuhesabu uzito wa toroli lenyewe. Kazi hiyo inafanyika. Mchanga uliolowa unakaribia kilo 1.9 kwa lita, na beseni lilelile likijaa linafika kilo 171, huku mikono ikidaiwa 61. Nilimjibu: samadi jaza, mchanga usipite nusu. Beseni halikwambii lini limezidiwa, na kwa mchanga litazidiwa likiwa bado lina nafasi.

Aliuliza pia kuhusu madumu ya maziwa. Hapo nilikataa. Chombo kirefu ndani ya beseni lililoinama hulalia mbele, na gurudumu moja halizuii kuanguka upande. Madumu na magunia yanataka mkokoteni wenye sakafu bapa. Mzigo uleule wa kilo 72, katikati yake ikiwa sentimita 10 tu kutoka kwenye ekseli, unadai mikono kilo 5 hivi. Ila mkokoteni unahitaji njia pana kwa magurudumu yote mawili, na kwenye mteremko wa kukata ubavu unainama pamoja na ardhi. Katikati ya matuta, gurudumu moja linashinda.

Kile chombo kilichosimama wima chenye bamba fupi chini ni cha magunia au makreti yaliyopangwa, na vigurudumu vyake vidogo vinafaa sakafu ya ghala, si tope. Cha magurudumu manne nacho ni cha njia tambarare. Tazama kama ekseli ya mbele inageuka pamoja na mpini, la sivyo kila kona utakiburuta.

Kuna mambo ambayo picha ya ubavuni haionyeshi kamwe. Kwa hiyo huomba mbili zaidi: moja ya karibu pale ekseli inapoingia, nione kama kuna beringi au chuma kinasaga chuma, na nyingine ya chini ya beseni, mahali miguu ilipochomelewa. Nyufa za kutu huanzia hapo, hata kama juu rangi bado ni mpya.