Hesabu siku, si faida tu, kabla ya kupandisha bajeti ya matangazo

Nashona sare za hoteli na shule, na wateja wengi nawapata kwa matangazo ya Facebook na Instagram. Facebook haisubiri mteja alipe. Deni likifika kiwango cha akaunti yako, au siku ya bili ya mwezi ikifika, kadi inakatwa.

Kwa hiyo fuatilia shilingi moja ya tangazo inarudi baada ya siku ngapi. Kwangu, tangu mtu aone tangazo hadi aagize ni siku 10, kushona ni 7, na hoteli hulipa siku 45 baada ya kupokea mzigo. Jumla ni 62. Nikitumia 20,000 kwa siku, nimeshatoa 1,240,000 kabla senti ya kwanza haijarudi, na hapo kitambaa na mafundi bado.

Basi geuza hesabu: chukua fedha unayoweza kuifunga, gawa kwa siku zako. Nikiwa na 620,000, bajeti yangu ni 10,000 kwa siku, hata kama tangazo linauza vizuri. Hasa likiuza vizuri, maana oda zikiongezeka, kitambaa nacho kinadai.

Kinachosaidia zaidi ni malipo ya awali. Asilimia 40 wakati wa kuagiza inarudisha fedha ya tangazo siku ya 10 badala ya 62. Pia weka kikomo cha matumizi kwenye akaunti. Kadi ikikataliwa, matangazo husimama na deni linabaki.