Somo: Kusafisha kichwa cha mashine ya espreso na bomba la mvuke, kila siku na kila wiki

Watu wengi hudhani kwamba uchafu wa mashine ya espreso ni ule unaoonekana kwenye trei na pembezoni mwa kichwa. Huo kitambaa kinautosha. Uchafu unaoharibu ladha, na hatimaye mashine yenyewe, ni ule uliorudi nyuma na kuingia mahali ambapo macho hayafiki. Kahawa hurudi ndani ya kichwa kila unapozima pampu, na maziwa hurudi ndani ya bomba la mvuke kila unapofunga valvu. Ukizielewa safari hizi mbili, hatua zote za somo hili utazikumbuka bila kuzikariri.

Nianze na kichwa. Pampu husukuma maji kwa mgandamizo wa baa 9 hivi kupita kwenye kahawa. Unapoizima, mgandamizo uliobaki juu ya kahawa lazima utoke, la sivyo ukifungua mkono wa mashine machicha yatakurukia usoni. Kazi ya kuutoa ni ya valvu ya njia tatu, ambayo huufungulia mlango wa kuelekea kwenye trei, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa "pshhh". Lakini maji yanayotoka kwa njia hiyo hayako safi, kwa sababu yamekwisha kugusana na kahawa, na hubeba mafuta na vumbi lake kupitia bamba lenye matundu, ndani ya kichwa, hadi kwenye valvu. Mafuta hayo huganda kwa joto, huchacha, na baada ya siku chache kila kikombe huwa na uchungu wa kahawa iliyolala, hata kama mbegu ni za Mbozi na zimekaangwa juzi.

Bakiflashi, kama wenye kazi wanavyoiita, ni kuipitisha sabuni katika njia ileile. Unaweka kwenye mkono wa mashine chujio lisilo na tundu lolote, maji yakikosa pa kupita yanajaa na kugandamizwa, kisha unapozima pampu yanarudi kwa kishindo yakiwa yamebeba sabuni.

Kila siku, baada ya mteja wa mwisho, fanya hivi. Mashine ikiwa bado ina moto, piga mswaki kuzunguka mpira wa kichwa ili kuondoa vumbi la kahawa, kisha achia maji kwa sekunde chache. Weka chujio lisilo na matundu, tia ndani yake sabuni ya unga ya mashine za espreso kiasi cha gramu 3, ambazo ni kama nusu kijiko cha chai, isipokuwa kama kopo lako limeelekeza kipimo kingine. Funga mkono, washa pampu kwa sekunde 10, zima, subiri sekunde 10 nyingine ili valvu imalize kutema, kisha rudia mpaka zitimie mara 5. Ukichungulia trei utaona maji ya kwanza yakitoka na rangi ya chai ya rangi, na ya mwisho yakiwa na povu jeupe. Yakiwa bado ya kahawia baada ya mara ya tano, sabuni haijamaliza kazi, kwa hiyo rudia mzunguko mzima.

Baada ya hapo ondoa mkono, usuuze wenyewe na chujio lake chini ya maji ya kichwa, urudishe, na ufanye mara 5 nyingine bila sabuni. Hatua hii ndiyo inayokatishwa na watu wenye haraka ya kwenda kupanda daladala, nao ndio wanaompa mteja wa asubuhi kahawa yenye utelezi wa sabuni. Paka maji ya mwisho kwenye vidole, na yakiteleza endelea kusuuza. Asubuhi, kikombe cha kwanza kimwagwe.

Mchana, shughuli ikipoa, unaweza kufanya bakiflashi ya maji matupu mara 2 au 3. Haiyeyushi mafuta yaliyoganda, lakini huondoa yaliyo mabichi.

Kuhusu bomba la mvuke, hakuna cha kungoja jioni, kwani kazi yake ni ya kila jagi. Hapa Mbeya mjini, kwa sababu ya mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi. Boila lakini limefungwa, na mvuke wake hufika takriban nyuzi 120 mshale wa mgandamizo ukisoma kati ya baa 1 na 1.2. Bomba lenye joto hilo hukausha maziwa mara moja, na yakikauka hushika kama ukoko wa ugali. Kwa hiyo, kabla ya kuchoma maziwa, elekeza bomba kwenye trei na uachie mvuke kwa sekunde 2 ili maji yaliyotulia ndani yatoke na yasiyazimue maziwa. Ukimaliza, funga valvu, ondoa jagi, futa bomba papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, kisha funika ncha kwa kitambaa hichohicho kilichokunjwa mara kadhaa, ukiweka vidole mbali na matundu, na uachie mvuke tena kwa sekunde 2. Kufuta bila kuachia mvuke ni nusu ya kazi. Valvu inapofungwa, mvuke uliobaki ndani ya bomba hupoa na kuwa tone la maji, nafasi uliyoiacha hunyonya, na kinachonyonywa ni maziwa yaliyo kwenye ncha.

Kitambaa hicho kiwe cha bomba peke yake. Kisiguse trei wala meza, na kibadilishwe kabla hakijaanza kunuka.

Ufyonzaji huo unaweza kufika mbali kuliko bomba. Mwaka jana niliitwa kwenye mgahawa mmoja hapa mjini ambao maji ya moto ya chai yalikuwa yakinuka maziwa yaliyoungua, ilhali espreso yenyewe haikuwa na tatizo. Nilipouliza, kijana wa zamu alikumbuka kwamba siku mbili kabla umeme ulikatika akiwa katikati ya jagi. Alirudisha kitasa cha mvuke bila kukikaza, akaliacha jagi pale pale ncha ikiwa ndani ya maziwa, akatoka nje kungoja. Boila likapoa kwa karibu saa nzima. Mvuke unapopoa ndani ya boila huacha ombwe, na kuna valvu ndogo juu yake ambayo kazi yake ni kuingiza hewa wakati huo. Ya mashine ile ilikuwa imeganda kwa chokaa, kwa hiyo boila lilivuta kupitia mlango pekee uliokuwa wazi, nao ulikuwa umezama kwenye maziwa. Espreso ilisalimika kwa sababu katika mashine ya aina ile maji ya kahawa hupita kwenye bomba lake ndani ya boila bila kuchanganyika na maji ya boila. Tulilimwaga na kulijaza mara 4 mpaka harufu ikaisha, na valvu ya hewa pamoja na mpira wa kitasa vikabadilishwa. Tangu siku hiyo maagizo yangu kwa kila zamu ni kwamba umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuondoa jagi, kabla hata ya kutafuta tochi.

Kila wiki mambo huongezeka kidogo. Mashine ikiwa vuguvugu, fungua skurubu ya kichwa, toa bamba lenye matundu, na uliloweke pamoja na machujio na sehemu ya chuma ya mikono katika lita moja ya maji ya moto yenye vijiko 2 vya chai vya sabuni ileile, kwa dakika 30. Vipini vya mbao au plastiki visizame, na kitu cha alumini kisiwekwe kabisa kwa sababu hugeuka cheusi. Mpira wa kichwa ubonyeze kwa ukucha: ukiwa mgumu kama kwato, au mkono ukiwa unapita mahali ulipozoea kukaza, muda wake umekwisha. Ncha ya bomba la mvuke ifunguliwe bomba likiwa limepoa, iloweshwe, na kila tundu lipitishwe pini. Angalia kipete kidogo cha mpira kisipotee kwenye sinki.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Njombe: Shikamoo mwalimu. Nina mashine ndogo ya nyumbani. Nilipojaribu bakiflashi sikusikia mlio wowote, na nilipofungua mkono maji yalinirukia. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, na pole. Huenda mashine yako haina valvu ya njia tatu, kama zilivyo nyingi za bei nafuu, au inayo lakini imeziba. Tengeneza kahawa ya kawaida na uangalie. Ikiwa hakuna kinachotemwa kwenye trei unapozima, na machicha yana maji yaliyosimama juu yake, soma kitabu cha mashine. Kikisema haina valvu hiyo, usirudie bakiflashi, kwa kuwa unagandamiza maji yasiyo na pa kutokea. Safisha kwa kufungua bamba na kulipiga mswaki. Kikisema inayo, basi imeziba na inahitaji kufunguliwa na fundi.

Swali, kutoka Iringa: Kaka, mashine yetu ni ya zamani, ya kichwa chenye kitasa cha kunyanyua. Tangu tuanze sabuni kila jioni kitasa kimekuwa kigumu na kinalia.

Jibu: Sabuni inayoyeyusha mafuta ya kahawa huyeyusha pia grisi ya kitasa, dada. Kwa kichwa cha aina hiyo fanya maji matupu kila siku na sabuni mara moja kwa wiki, kisha kitasa kipakwe grisi inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula. Mwenye kutengeneza vikombe vinne tu kwa siku nyumbani naye asitumie sabuni zaidi ya hapo.

Swali, kutoka Tukuyu: Mvuke wetu umekuwa dhaifu na unatokea upande mmoja. Nimepitisha pini lakini haujarudi.

Jibu: Ondoa ncha bomba likiwa limepoa, kisha achia mvuke bila ncha, bomba likielekea kwenye trei. Ukitoka kwa nguvu, tatizo liko kwenye ncha, iloweshe usiku mzima. Ukiwa bado dhaifu na mshale wa boila unasoma kama kawaida, maziwa yamekauka ndani ya bomba lenyewe. Rudisha ncha, zamisha bomba kwenye jagi lenye maji na dawa ya kuondolea maziwa, achia mvuke kwa sekunde chache mpaka maji yapate moto, funga kwa kukaza, na uache lizame kwa dakika 5. Hapo ule ufyonzaji tunaoulaumu utakufanyia kazi, kwa kuwa utavuta dawa hadi kwenye ukoko. Kisha mwaga, weka maji safi, rudia, na umalizie kwa kuachia mvuke kwenye trei kwa sekunde 10. Simama hapo hapo muda wote, mashine ikiwa imewashwa, na umeme ukikatika toa jagi.