Somo: Karata kuu zikijaa mezani, tunasomaje njia panda?

Wengi humu mnatuma picha za karata zenu za taroti mkiuliza swali lilelile: "Nimetandaza, zimetoka karata kuu tupu, kuna jambo kubwa linakuja?" Mara nyingine lipo, na mara nyingine tunashtuka bure. Leo tuchukue mpangilio mmoja, Msalaba wa Kikelti wenye karata 10, tuone namna ya kutofautisha.

Kwa walioingia karibuni: seti kamili ya taroti ina karata 78. Kati ya hizo, 22 ni za Arkana Kuu, kuanzia Mpumbavu mwenye namba 0 hadi Dunia yenye namba 21. Zilizobaki 56 ni za Arkana Ndogo: Fimbo, Vikombe, Panga na Sarafu. Kwa desturi ya wasomaji, ndogo huzungumzia mambo ya kila siku, yaani kazi, pesa, ugomvi, mapenzi. Kuu huzungumzia nguvu zinazoyapindua maisha yenyewe. Ndiyo maana zikirundikana tunasema mtu amefika njia panda.

Hatua ya 1: Hesabu kabla hujashtuka

Ukitoa karata 10 kutoka seti ya 78 iliyochangwa vizuri, wastani wa karata kuu utakaopata ni karibu 3. Kwa hiyo kuona 3, hata 4, ni kawaida kabisa. Kupata 5 au zaidi hutokea takribani mara 1 katika kila mara 10. Kupata 6 au zaidi ni karibu mara 1 katika 40, na 7 au zaidi ni nadra mno, kiasi cha mara 1 katika 240.

Mimi naanza kuuita mpangilio "mzito" kuanzia 5, na naanza kutamka neno njia panda kuanzia 6. Chini ya hapo nasoma kila karata kwa nafasi yake bila kupiga tarumbeta.

Hatua ya 2: Hakikisha seti ilichangwa

Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Seti mpya ikitoka kwenye boksi, kwa kawaida karata kuu zote 22 zimepangwa pamoja kwa namba. Ukiichanga kwa kuhamisha mafungu machache mkononi, zile kuu hubaki zimeshikana, na ukigusa fungu lao zitamwagika zote mezani. Dalili yake ni namba zinazofuatana au kukaribiana: umetoa 5, kisha 6, kisha 8, kisha 9. Huo ni mpangilio wa kiwandani, hauhusu maisha ya mtu.

Dawa ni kuzimwaga karata zote kifudifudi juu ya kitambaa, kuzikoroga kwa viganja viwili kwa dakika kadhaa, kuzikusanya, kisha kuzichanga tena. Fanya hivyo kila unapofungua seti mpya, na kila baada ya kuipanga kwa ajili ya kujifunza.

Hatua ya 3: Angalia zimekaa wapi

Idadi peke yake haisemi mabadiliko yako sehemu gani. Arthur Edward Waite, ambaye seti yake iliyochorwa na Pamela Colman Smith ilitoka London mwaka 1909, ndiye aliyeueneza mpangilio huu, na nafasi zake tunazifuata hadi leo: 1 hali iliyopo, 2 kinachoikatiza, 3 kilicho juu, 4 msingi, 5 kinachopita, 6 kinachokaribia, 7 muulizaji mwenyewe, 8 watu na mazingira yake, 9 matumaini na hofu, 10 mwisho wa jambo.

Kuu zikijaa kwenye 4 na 5, njia panda imeshapitwa, na mtu anaishi matokeo yake. Zikijaa kwenye 3, 6 na 10, bado inakuja. Zikijaa kwenye 7 na 9 huku kwingine kukiwa na ndogo, mageuzi yanatokea ndani ya mtu na huenda majirani wasione chochote. Nafasi ya 8 ikibeba karata kuu, anayebadilika sana huenda ni mwenzake wa ndani ya nyumba, na muulizaji anaburutwa tu.

Hatua ya 4: Zisome ndogo zilizobaki

Usizipuuze kwa sababu ni chache. Karata kuu zinakuambia kuna mageuzi, ndogo zinakuambia yatapita mlango gani: Sarafu kwa mali na riziki, Vikombe kwa moyo, Panga kwa maneno na maamuzi makali, Fimbo kwa kazi na safari. Msomaji anayerukia kuu tupu humwacha mtu na maneno mazito yasiyo na pa kushika.

Mfano

Kaka mmoja Mzanzibari anayefanya kazi Maskati aliniruhusu nieleze mpangilio wake bila jina. Swali lake la kwanza lilikuwa "Nirudi Unguja au niongeze mkataba?" Tulilibadilisha likawa "Ni nini kinachobadilika katika maisha yangu ya kazi huku?", kwa kuwa taroti hujibu vibaya maswali ya ndiyo au hapana. Zikatoka hivi:

1 Nane ya Vikombe, 2 Ibilisi, 3 Hukumu, 4 Kumi ya Sarafu, 5 Aliyening'inizwa, 6 Kifo, 7 Mtawa, 8 Malkia wa Sarafu, 9 Mwezi, 10 Mbili ya Fimbo.

Kuu ni 6: namba 15, 20, 12, 13, 9 na 18. Seti ilikuwa ya zamani na ilikorogwa vizuri. Na ijapokuwa 12 na 13 zilifuatana, nyingine zimetawanyika, kwa hiyo sikuona dalili ya kiwandani. Nikaendelea.

Katikati kuna mtu anayeviacha vikombe vyake vimesimama na kuondoka usiku. Yaani moyo wa kaka huyu ulishatoka Maskati kabla hajauliza. Kinachomkatiza ni Ibilisi, na ukiitazama vizuri picha ya Smith, minyororo shingoni mwa wale wawili imelegea, wangeweza kuivua. Nilimuuliza mnyororo wake ni upi. Akasema ni mkopo aliouchukua kwa ajili ya nyumba, pamoja na mazoea ya kutuma hela kwa kila anayepiga simu.

Aliyening'inizwa kwenye nafasi ya 5 ni ile miaka ya kusubiri, inayopita sasa. Kifo kwenye 6 ni kufungwa kwa ukurasa. Hukumu juu kabisa inaonyesha malaika anapiga baragumu, na wanaoinuka mbele ni mwanamume, mwanamke na mtoto, kwa hiyo wito wenyewe una sura ya familia. Mtawa kwenye nafasi ya 7, ya muulizaji mwenyewe, ni mtu anayeamua peke yake, bila kumshirikisha yeyote.

Sasa tazama Kifo na Mwezi kwa pamoja. Karata zote mbili zina minara miwili ileile nyuma kabisa ya picha. Katika Kifo, jua liko kati ya minara hiyo. Katika Mwezi, njia inapita katikati yake gizani, mbwa na mbwamwitu wakibweka. Mlango ni mmoja: kinachokaribia na anachokihofia ni kitu kilekile. Kwangu huu ndio moyo wa usomaji ule.

Ndogo nne zikamalizia. Sarafu mbili, Kumi kwenye msingi na Malkia kwenye mazingira, zilisema jambo hili litaamuliwa na nyumba, mali na mke aliye Unguja ambaye ndiye anayesimamia kila kitu. Na mwisho wa jambo haukuwa karata kuu. Ulikuwa Mbili ya Fimbo: mtu amesimama ukutani, dunia ndogo mkononi, anatazama bahari. Mageuzi ni makubwa, ila hatua ya mwisho bado iko mkononi mwake. Ingekuwa Dunia au Mnara pale, ningezungumza kwa uhakika zaidi kwamba mambo yatajiamulia.

Hakuacha kazi wiki ile. Alimpigia mkewe simu, wakapiga hesabu ya mkopo pamoja, akamaliza mkataba uliokuwepo na hakuongeza mwingine.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Nakuru:* Mimi hutumia karata 3 tu. Zikitoka kuu zote 3, ni njia panda?

Kuu 3 kwa 3 hutokea takribani mara 1 katika 49, kwa hiyo ndiyo, ipe uzito. Lakini 2 kati ya 3 hutokea karibu mara 1 katika 6, usijenge hoja juu yake. Zikitoka zote 3 huna ndogo ya kukuonyesha mlango. Mimi hapo hutenga Arkana Ndogo peke yake na kuongeza karata moja, kwa swali "Hili litaonekana wapi?"

*Mwanachama wa Tanga:* Shikamoo mwalimu. Nilipata kuu 6, nikaogopa, kesho yake nikarudia swali lilelile, haikutoka hata moja. Nifuate ipi?

Marahaba mwanangu. Fuata ya kwanza, ile uliyouliza kabla ya woga. Kurudia swali kwa sababu jibu limekutisha ni kulibadilisha swali, maana siku ya pili ulichokuwa unauliza ni "Je, naweza kuepuka?" Na ujue kwamba kukosa karata kuu kabisa kati ya 10 ni nadra karibu sawa na kupata 6 au zaidi, hutokea chini ya mara 3 katika 100. Mpangilio kama huo husomwa hivi: mambo ni ya kawaida na yako mikononi mwako. Ukitaka kuuliza tena, ngoja hali yenyewe ibadilike kwanza.

*Mwanachama wa Bujumbura:* Kuu zikiwa nyingi lakini zimegeuka kichwa chini?

Zikigeuka nyingi kuliko zilizosimama, mimi husoma kwamba njia panda ipo ila mtu ameing'ang'ania breki, au mabadiliko yanaanzia ndani kabla ya kuonekana. Kama hukuzigeuza makusudi wakati wa kuchanga, na seti ilikuwa imeshachanganyika juu chini tangu mwanzo, zisimamishe zote kisha uzisome hivyo.

*Mwanachama wa Mombasa:* Mama yangu anaumwa na nimepata kuu 7, Kifo ikiwemo. Sijalala.

Pole sana dada. Karata ya Kifo hatuisomi kama kifo cha mtu, nami simsomei yeyote uhai wa mgonjwa. Ugonjwa wa mama umeshabadilisha nyumba yenu, na hiyo peke yake inatosha kuwa njia panda ambayo mpangilio unaielezea. Kuhusu hali yake muulize daktari anayemtibu, na leo karata ziweke kabatini.

*Mwanachama wa Kampala:* Kwenye seti yangu Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11. Nimeuziwa feki?

Hapana. Seti za mtindo wa Marseille zina mpangilio huo. Waite alizibadilishana: Nguvu ikawa 8, Haki ikawa 11. Unapokagua namba zinazofuatana kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 2, tumia namba zilizoandikwa kwenye seti yako.