Umetumiwa makala ya utafiti bila swali: ya kuangalia kabla hujajibu

Tuseme umetumiwa ripoti ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2015. Faili limeingia kwenye simu bila neno hata moja. Kabla hujaandika chochote, mtazame aliyelituma na kinachomkabili wiki hii.

Kama ni mama anayejiandaa kumpeleka mtoto kliniki, anataka matokeo. Usimnakilie muhtasari wa watafiti, kwa sababu unaeleza makundi mawili ya umri kwa mpigo. Mpe la mtoto wake: kwa walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi ya nne, vipindi vya malaria vilipungua kwa asilimia 36.3 katika miaka kama minne. Walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12 na kupata dozi ya nne walikingwa kwa kiwango cha chini zaidi, asilimia 25.9.

Hapo ndipo penye mtego, na hata asiyeomba ufafanuzi wa maneno anauhitaji. Wengi husoma asilimia 36 kama watoto 36 kati ya 100 wasiougua kabisa. Sivyo. Mtoto mmoja huweza kuugua mara kadhaa, na kinachohesabiwa ni hivyo vipindi. Penye vipindi 100 kwa wasiochanjwa, tarajia kama 64 kwa idadi ileile ya waliochanjwa. Sentensi hiyo moja iandike kwa kila mtu.

Akiwa muuguzi au mwanafunzi wa afya, hasa akiwa amepiga picha ya jedwali badala ya ukurasa wa kwanza, huenda anapima mbinu. Anzia kundi la kulinganisha: watoto wakubwa wa kundi hilo, wale wa miezi 5 hadi 17, walidungwa chanjo ya kichaa cha mbwa, si maji, ili nao wapate faida fulani na wazazi wasitambue nani kapata nini. Kisha mwonyeshe malaria kali. Kwa wakubwa waliopata dozi tatu tu, kinga iliyokadiriwa ni asilimia 1.1, na kiwango cha chini cha makadirio hayo kipo chini ya sifuri. Maana yake, bila dozi ya nne, jaribio hili halikuonyesha kinga dhidi ya malaria kali kwa kipindi chote. Usimfiche pia kwamba homa ya uti wa mgongo ilionekana zaidi kwa waliochanjwa; visa vilikuwa vichache mno kuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo.

Usipopata dalili yoyote ya anachotaka, usiandike yote matatu: matokeo, ufafanuzi wa maneno na mbinu. Atapokea kurasa mbili na kuacha kusoma kwenye aya ya pili. Tuma matokeo ya umri mmoja, ile sentensi ya vipindi 64, kisha uulize: "Hii ni kwa ajili ya mtoto, kazi au masomo?"